Sindano ya pepopunda kwa wajawazito: kwa nini kina mama, na kwa nini mara nyingi?

Mama Kijacho, Kilifi: Nina mimba ya miezi minne. Kliniki wamenidunga sindano ya pepopunda na kuniambia nirudi baada ya mwezi, kisha nizikamilishe hadi tano. Mwaka 2014 maaskofu Wakatoliki hapa Kenya walisema ina homoni ya kuzuia mimba. Kwa nini tudungwe sisi wanawake, tena mara tano? Nataka hoja, si matusi.

Baba Baraka: Mara tano ndipo shaka inapoanzia. Surua ukiugua mara moja umemalizana nayo maisha. Mwili una kumbukumbu. Kama chanjo hii ni ya kweli, mbona mwili unasahau?

Muuguzi Mstaafu: Baba Baraka, la surua uko sawa. Pepopunda ni kitu kingine. Nimeuguza watu waliopona pepopunda, na kabla hawajatoka wodini tuliwadunga chanjo, kwa sababu kuugua hakukuwapa kinga. Kinachoua si bakteria mwenyewe, ni sumu anayotoa akiwa ndani ya kidonda. Sumu hiyo ni kali mno kiasi kwamba tone linalotosha kuua ni dogo kuliko linalohitajika kuiamsha kinga ya mwili. Chanjo ni sumu hiyohiyo iliyopoozwa kwa dawa: haidhuru tena, lakini umbo lake limebaki, ndiyo maana inaweza kutolewa kwa wingi wa kutosha mwili uione.

Sindano ya kwanza inakuta mwilini seli chache sana zenye uwezo wa kuishika sumu ile. Zinazaana, zinatoa kingamwili kidogo za kuinasa sumu hiyo, kisha nyingi zinakufa. Zinazobaki ndizo seli za kumbukumbu. Ya pili, wiki nne baadaye, inazikuta tayari: ndani ya siku chache kingamwili zinapanda, na zinashika kwa nguvu zaidi. Baadhi ya seli zinakwenda kukaa kwenye uboho wa mifupa, zinatengeneza kingamwili mwaka baada ya mwaka. Baada ya mbili kinga ni kama miaka mitatu, baada ya tatu angalau mitano, na ya tano inamfikisha mama mwisho wa umri wa kuzaa.

Fundi wa Pikipiki: Mimi juzi nilikanyaga msumari wenye kutu, nikadungwa, na shuleni nilishachanjwa. Kwa hiyo na mimi nilidanganywa?

Muuguzi Mstaafu: Hapana, mwanangu. Na kutu si hoja, hoja ni udongo na mavi ya mifugo yaliyoingia na msumari. Seli za kumbukumbu zinahitaji siku kadhaa kujaza damu kingamwili, na sumu ikishaingia ndani ya mshipa wa fahamu kingamwili haziifikii tena. Ndiyo maana kwa kidonda kichafu tunauliza: miaka mitano imepita tangu sindano ya mwisho? Ikiwa imepita, unaongezewa.

Bi Mwanasha: Wanangu, mimi nilimzika mjukuu mwaka 1983. Alizaliwa mzima, akanyonya siku mbili. Siku ya tano mdomo ukafunga, akiguswa tu anakakamaa. Tukasema degedege, tukaita mganga. Kitovu kilikatwa kwa wembe wa nyumbani.

Muuguzi Mstaafu: Pole sana, Bi Mwanasha. Kunyonya vizuri kisha kushindwa, ndiyo alama yenyewe. Na ndilo jibu la "kwa nini kina mama". Mtoto wa siku tano hana seli za kumbukumbu za sumu hii. Kingamwili alizonazo ni za mama, zilizopita kwenye kondo, hasa miezi ya mwisho ya mimba. Ndiyo maana sindano ya pili iishe angalau wiki mbili kabla ya kujifungua.

Baba Baraka: Na homoni? Huko India hawakujaribu chanjo ya namna hiyo?

Muuguzi Mstaafu: Walijaribu, sikatai. Waliunganisha homoni ya mimba na sumu ya pepopunda iliyopoozwa, ili mwili utengeneze kingamwili dhidi ya homoni hiyo, mimba isishike. Ilikuwa chanjo nyingine, ya utafiti, na kinga yake ilipokwisha wanawake waliweza kushika mimba tena. Vichupa vya Kenya, vile maaskofu walivyosema vina homoni, vilipimwa kwa mashine za kupima damu ya watu, na mashine hizo hazikutengenezwa kwa ajili ya chanjo. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikana kuwepo homoni.

Baba Baraka: Mashine nimekuelewa. Lakini kina mama wa hapa Kenya walielezwa nini kabla ya kudungwa? Na wanaume wanaolima peku mbona waliachwa? Hapo sijaridhika.

Muuguzi Mstaafu: Hapo nami siridhiki.

Mama Kijacho, Kilifi: Kadi yangu ya utotoni mama ameihifadhi. Zile za utotoni zinahesabiwa?

Muuguzi Mstaafu: Zinahesabiwa zikiwa zimeandikwa. Nenda nayo tarehe uliyopewa.