Mrejesho: pete ya kaboni nne imekuwa ya sita

Niliuliza: "Baada ya hatua ya Michael, mbona aldoli yangu inafunga pete ya kaboni nne?"

Ndugu zangu, asanteni sana. Jana jioni hapa Mtwara nilirudia swali lote kwa kuzipa kaboni namba, na kosa likaonekana. Katika 2-methilisaikloheksani-1,3-dioni, kaboni ya 2, iliyo kati ya ketoni mbili, hupokonywa haidrojeni na besi, kisha hushambulia ncha ya CH2 ya CH3COCH=CH2, na hivyo hupata mkia wa -CH2CH2COCH3. Hapo ndipo nilipopotea: niliifanya CH2 iliyo jirani na ketoni ya mkia ishambulie ketoni ya pete, ilhali ukihesabu CH2 hiyo, CH2 inayofuata, kaboni ya 2 na kaboni ya ketoni, unapata nne tu. Pete hiyo ina mkazo mkubwa, na kwa kuwa aldoli hurudi nyuma, haidumu. Inayopaswa kushambulia ni CH3 ya mwisho wa mkia, ambayo huongeza yenyewe na kaboni ya C=O, zikawa sita.

Hesabu nayo imekubali: C7H10O2 na C4H6O hutoa C11H16O3, na maji yakitoka hubaki C11H14O2, yenye kifungo maradufu ndani ya pete mpya, jirani na C=O iliyotoka mkiani.