Mdogo wangu kavunjika mguu leo, kafungwa hogo, sasa maumivu yamezidi hata tramadoli haisaidii. Tusubiri asubuhi?

DadaMkubwa (saa 4:10 usiku)

Wakuu, naomba ushauri wa haraka. Mdogo wangu ana miaka 22, ni bodaboda. Leo saa 8 mchana lori lilimsukuma pembeni ya barabara ya Tunduma, pikipiki ikamlalia mguu wa kulia mpaka watu walipoinyanyua. Kituo cha afya wakapiga eksirei, mfupa wa ugoko umevunjika ila ngozi haijachanika. Saa 11 jioni wakamfunga hogo zima kutoka pajani mpaka kwenye vidole, wakatupa dawa na kutuambia turudi baada ya wiki.

Mpaka magharibi alikuwa anaongea vizuri. Kuanzia saa 2 usiku analia. Anasema kigimbi kimekaza kama kinataka kupasuka humo ndani. Nimempa tramadoli mara mbili, hakuna nafuu. Analalamika ganzi katikati ya kidole gumba na cha pili. Nilipokishika kidole gumba kukinyoosha tu, alipiga ukelele mama akaja mbio. Lakini vidole ni vya moto na vina rangi yake. Mama ameuweka mguu juu ya mito mitatu. Jirani anataka kumwita fundi wa mifupa aje amkande.

Hospitali ya mkoa ni mwendo wa saa moja na nusu, na usafiri wa usiku huku ni shida. Haya ni maumivu ya kawaida ya siku ya kwanza?

Mzee wa Kazi (saa 4:17)

Pole sana dada. Mfupa ukivunjika lazima uume, hasa usiku wa kwanza. Mimi nilivunjika mkono mwaka juzi, sikulala siku mbili. Mama amefanya vizuri kuinua mguu. Tafuta na barafu muweke juu ya hogo, uvimbe utashuka. Kama vidole ni vya moto basi damu inafika. Huyo fundi wa mifupa msimwite, hilo nakubaliana na wewe kuogopa. Asubuhi mpeleke taratibu.

Tabibu wa Wodi 4 (saa 4:24)

Dada, usisubiri asubuhi. Tafuta gari sasa hivi, hata la kukodi, hata la kuomba kwa mwenyekiti wa kijiji. Mzee wa Kazi nakuheshimu, lakini ushauri wako unamfaa mtu aliyeteguka kifundo. Huyu kijana ana kitu kingine.

Nafanya kazi wodi ya mifupa, mwaka wa kumi na moja sasa. Kilichonishtua si maumivu peke yake. Ni kwamba alikuwa ametulia, kisha maumivu yakapanda wakati mfupa umeshafungwa na dawa imeshaingia. Mfupa uliofungwa vizuri huwa unatulia, hauzidi kuuma kila saa. Na ule ukelele wa kunyooshwa kidole ndio wenyewe. Misuli inayovuta vidole imelala kwenye kigimbi na kando ya ugoko, kwa hiyo ukinyoosha kidole unauvuta msuli ulioko juu kabisa, na huo msuli unakosa hewa.

Misuli ya mguu chini ya goti imefungwa katika vyumba vinne, kila kimoja kina ala ngumu isiyotanuka. Mfupa ukivunjika, na tena ukakandamizwa na pikipiki, damu na maji vinajaa humo ndani. Ala haitanuki, na juu yake mmeweka hogo ambalo nalo halitanuki. Presha inapanda mpaka vile vimishipa vidogo vya damu vinabanwa. Sisi tunaita kompatimenti. Hapo msuli unaanza kufa, na mishipa ya fahamu inatoa taarifa mapema, ndiyo hiyo ganzi kati ya kidole gumba na cha pili. Chumba cha mbele ndicho kinachobanwa mara nyingi, na mshipa wa fahamu unaopita humo unahudumia hapo hapo alipokuonyesha.

Mambo ya kufanya wakati gari linatafutwa: toa mito yote, mguu ulale sawa na kifua, usiwe juu wala usining'inie. Ukiuinua, damu inapanda kwa shida kwenda kwenye msuli ambao tayari una njaa. Barafu hapana, inazidi kubana vimishipa. Asikandwe na mtu yeyote. Asile kitu, maana huenda akaingia chumba cha upasuaji usiku huu.

Halafu hogo. Limefungwa saa 11, bado bichi kwa ndani. Kama gari halijafika, lilowesheni kwa maji ya vuguvugu, mlipasue mbele kutoka vidoleni mpaka pajani, na pamba ya ndani mpaka ngozi ionekane. Pamba iliyolowa damu ikakauka inabana vilevile. Msilitoe. Litanueni tu, mguu ubaki umelala humo kama kwenye mtumbwi ili mfupa usicheze. Gari likifika kabla hamjamaliza, ondokeni hivyohivyo.

Mwanaidi (saa 4:31)

Hata mimi kigimbi hunikaza usiku mpaka nalia, hasa nikiwa nimesimama dukani siku nzima. Ndizi na maji mengi kabla ya kulala vilinisaidia. Jaribu dada.

Tabibu wa Wodi 4 (saa 4:33)

Mama Mwanaidi, huko kukaza kwako kunakuja ghafla na kuisha ukikanyaga sakafu. Huyu hajaachiwa tangu saa 2 na amevunjika. Tusichanganye, maana dada anasoma akiwa na hofu.

Mzee wa Kazi (saa 4:36)

Sawa tabibu, lakini nielimishe. Vidole ni vya moto. Kama damu imekatika vingekuwa baridi, au nakosea?

Tabibu wa Wodi 4 (saa 4:43)

Hapo ndipo wengi tunapopotelea, hata wenye makoti meupe. Fikiria bomba kuu la mtaa lina maji, lakini mpira wa kwenda bustanini umekanyagwa. Ukigusa bomba utasema maji yapo, na mchicha unakauka. Mshipa mkubwa wa damu unasukuma kwa presha ya 120 hivi. Vimishipa vinavyolisha msuli vinabanwa presha ya chumba ikiwa 30 au 40 tu. Kwa hiyo mapigo ya damu kwenye unyayo unayapata, vidole vina joto, na msuli unakufa. Ukisubiri unyayo uwe baridi na mweupe, umesubiri mpaka mwisho wa habari. Ndiyo maana simwamini mtu anayeniambia "mapigo yapo" akaenda kulala.

Kisiki (saa 4:50)

Dada, ondokeni. Mimi ndiye yule aliyesubiri asubuhi. Mwaka 2016 gogo liliniangukia shambani, mguu wa kushoto. Fundi wa mifupa akanifunga kwa vibanzi vya mianzi na kitambaa, akakaza sana, akasema maumivu ni mfupa unaungana. Niliuma shuka usiku kucha. Alfajiri maumivu yakapungua, tukamshukuru Mungu. Kumbe yalipungua kwa sababu mguu haukuwa unasikia tena. Kufika hospitali zilikuwa zimepita saa 14, wakapasua wakakuta msuli wa mbele umekuwa kama nyama iliyochemshwa, wakautoa. Mguu ninao, lakini unyayo haunyanyuki. Nikitembea unaburuza, nafunga kifaa cha plastiki ndani ya kiatu. Akikwambia ghafla haumwi tena kabla hamjafika, usifurahi.

DadaMkubwa (saa 5:05)

Tumepata gari la mwalimu. Hogo tumepasua mpaka gotini tu, maumivu yamepungua kidogo sana. Mito tumetoa. Naondoka nao. Niwaambie nini pale mapokezi?

Tabibu wa Wodi 4 (saa 5:08)

Usiseme "mguu unauma", utawekwa foleni. Sema: "Amevunjika ugoko saa 8 mchana, kafungwa hogo zima, maumivu yamepanda tangu saa 2 usiku, dawa hazifanyi kazi, ana ganzi, na kidole kikinyooshwa anapiga kelele. Tunaogopa kompatimenti." Taja saa. Msuli ukikaa takriban saa 6 umebanwa unaingia kwenye hatari ya kutorudi, na kufikia saa 8 mara nyingi sehemu kubwa imeshakufa. Angalia pia mkojo wake. Ukiwa mweusi kama chai ya rangi, mwambie daktari, kwa sababu msuli unaokufa unamwaga uchafu wake kwenye figo.

Fundi Simu (saa 5:20)

Si kuna kipimo cha kuchoma sindano kusoma hiyo presha? Wakisema hawana, awalazimishe wampe rufaa?

Tabibu wa Wodi 4 (saa 5:31)

Kipo. Unachukua presha ya chini ya mgonjwa, unatoa presha ya chumba. Ikibaki chini ya 30, unapasua. Lakini sehemu nyingi hakipo, na mgonjwa aliye macho anayejieleza kama huyu hahitaji kipimo. Kipimo kinanisaidia kwa aliyezimia au mtoto mdogo. Kumpeleka mbali kutafuta namba wakati dalili zimekamilika ni kumpotezea mguu.

DadaMkubwa (siku iliyofuata, saa 3:40 asubuhi)

Nimelala kwenye benchi. Tulifika saa 6 na dakika 40. Daktari wa zamu, binti mdogo tu, alimaliza kulipasua hogo na pamba yote, akakaa pembeni ya kitanda akiangalia saa. Baada ya dakika kama 20 akakivuta kidole, kijana akalia vilevile. Hakusema kitu zaidi ya "tunaingia". Saa 8 kasoro alikuwa mezani.

Wamempasua pande mbili za mguu, mipasuko mirefu karibu urefu wa mguu wote chini ya goti, na hawakushona. Nilipoona misuli imetokeza nje nikadhani wamekosea. Wakanieleza kwamba wakishona presha inarudi palepale. Mfupa wameushika kwa vyuma vya nje. Mkojo ulikuwa wa rangi ya chai, wanampa dripu nyingi na kuupima kila saa. Amelala sasa. Kwa mara ya kwanza tangu jana, amelala.

Mzee wa Kazi (saa 4:02)

Namshukuru Mungu, na ninakuomba radhi dada. Ningewachelewesha. Ila kile kituo cha afya si wamekosea? Mngeshtaki.

Tabibu wa Wodi 4 (saa 4:30)

Hogo zima siku ya kwanza kwenye mguu unaoendelea kuvimba, mimi ningefunga la nusu, au zima nikalipasua palepale, na nisingemruhusu kwenda nyumbani usiku huo. Lakini hata asingefungwa kitu, kwa kubanwa na pikipiki vile angeweza kupata. Siwezi kusema hogo ndilo lililoleta. Dada, waulize msuli wa mbele ulikuwa na rangi gani, na ukiguswa kwa kifaa ulistuka?

DadaMkubwa (siku ya tatu, saa 1 usiku)

Leo wamemrudisha chumba cha upasuaji kuangalia. Kigimbi chote chekundu, kinastuka. Msuli wa mbele sehemu ndogo ilikuwa na rangi ya ini, haikustuka, wameikata. Kidonda watakifunga taratibu, huenda kwa ngozi ya pajani. Mkojo umeanza kuwa mweupe.

Ganzi bado ipo kati ya vile vidole viwili. Daktari anasema inaweza kuchukua miezi, na hawezi kuniahidi. Kidole gumba anakikunja kwenda chini, lakini kukinyanyua juu bado. Jioni hii nilikaa nikikitazama, akasema dada tazama, nikaona kama kimetikisika. Sijui kama ni kweli au ni macho yangu. Kisiki, wewe chako siku ya tatu kilikuwaje?

Kisiki (saa 1:25)

Changu hakikutikisika hata mara moja.