Tupeane uzoefu: uliwahi kumwandikia mkubwa wa serikali kama unachati na mshikaji?

MwanaMikindani:
Wakuu, Mtwara kuchele. Jana usiku sijalala. Mimi ni katibu wa kamati ya shule ya msingi huku vijijini. Mwezi Machi upepo uliezua madarasa 2, barua tukapeleka, kimya. Wiki iliyopita nikapata namba ya Mkurugenzi wa halmashauri yetu. Jana saa 3 usiku, natoka kuchati na vijana wa timu yetu ya mpira, kidole bado cha moto, nikamwandikia hivi:

"Mambo vp boss. Xaxa ile ishu ya shule imeishia wp? Watoto wanakaa chini ya mwembe mpk leo bana. Fanya mpango 🙏"

Tiki mbili za bluu zikatokea hapohapo. Hajajibu mpaka sasa. Nilipoisoma tena asubuhi mwili ulikufa ganzi. Mvua zinaanza Desemba, na ninawaza watoto wa watu wamekosa darasa kwa sababu ya mdomo wangu. Waliopitia haya waniambie waliandikaje mara ya pili.

Chikongola_Kwetu:
Yamenikuta pia. Pole sana ndugu yangu.

Korosho_Tandahimba:
Kosa lako ni kutoanza na Mheshimiwa. Mtu yeyote mwenye ofisi ni Mheshimiwa, huwezi kukosea. Halafu weka "Husika na kichwa cha habari hapo juu", umalize na "Wako katika ujenzi wa taifa". Hapo atajua anaongea na mtu aliyesoma.

Mzee_wa_Liwale:
Kichwa cha habari kipi kwenye meseji? Hapo juu kuna picha yake tu na namba ya simu.

Mwalimu_Newala:
Nakubaliana na heshima ila mmesahau shikamoo. Shikamoo kwanza, mengine baadaye. Mimi hata Afisa Elimu niliyemzidi miaka namwamkia.

Mzee_wa_Liwale:
Mwalimu, mimi nina miaka 63. Mkuu wetu wa Wilaya ni rika la mwanangu wa tatu. Nikimwamkia shikamoo namtia aibu yeye, na wazee wenzangu watasema nimejipendekeza. Naandika "Mheshimiwa, habari za kazi", na yeye ndiye anajibu "Shikamoo mzee". Kila mtu amekaa mahali pake.

Mwalimu_Newala:
Unasalimia kiti, sio umri.

Mzee_wa_Liwale:
Kiti hupewa cheo chake. Shikamoo ni ya mtu na mtu. Huku kwetu hivyo ndivyo tulivyolelewa.

Mwalimu_Newala:
Na sisi tulilelewa hivi. Tuishie hapo mzee wangu.

Masijala_Mstaafu:
MwanaMikindani mwanangu, nimekaa masijala miaka 27 kwenye halmashauri moja ya huku Kusini, barua za kila aina zimepita mikononi mwangu. Nimeumia kusoma habari ya hao watoto, basi ngoja nikueleze ninachokijua.

Kwanza hilo la Mheshimiwa. Mkuu wa Mkoa, Mkuu wa Wilaya, mbunge, diwani, hakimu, hao ni Waheshimiwa. Mkurugenzi na Katibu Tawala ni watendaji, tuliwaandikia Ndugu. "Ndugu Mkurugenzi" inatosha na ina adabu yote. Ukimwita Mheshimiwa hatakasirika, ila anajua mara moja kwamba mwandishi hajazoea ofisi.

Pili, jina lako hana kwenye simu yake. Kwake wewe ni namba tupu iliyomwita boss saa 3 usiku. Anza na salamu moja, kisha sema wewe ni nani na unaandika kwa niaba ya nani, shule ipi, kata ipi. Bila hayo hata akitaka kukusaidia hana pa kuanzia.

Tatu, "ile ishu" ndiyo iliyoua ujumbe wako, kuliko hata hiyo "mambo vp". Wewe na rafiki yako mkisema "ile ishu" mnajua ni ipi. Mkurugenzi ana shule nyingi na kila moja ina ishu yake. Neno la ofisini ni "Rejea". Ukiandika "Rejea barua yetu ya tarehe fulani kuhusu jambo fulani", anaisukuma meseji yako hivyo hivyo ilivyo kwa karani, na karani anakwenda kwenye faili anaitoa. Kama waliwahi kuwajibu, kwenye barua yao kuna Kumb. Na. juu kabisa. Iandike hiyo kama ilivyo, usiache hata mkwaju mmoja.

Na lugha ya kuomba. "Fanya mpango" ni amri. "Tunaomba ofisi yako" ni ombi, na linamtua mzigo yeye binafsi, kwa sababu hujamwambia yeye amelala, umeiomba ofisi.

MwanaMikindani:
Shikamoo mama. Nimekuelewa sana. Nimejaribu, naomba unisahihishe:

"Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya shule (nitaweka jina la shule na kata). Rejea barua yetu ya tarehe 18 Machi kuhusu madarasa yaliyoezuliwa na upepo. Watoto wengi wanateseka sana na hali ni mbaya mno. Nakukumbusha utusaidie haraka iwezekanavyo. Naomba kuwasilisha."

Masijala_Mstaafu:
Marahaba. Umefika karibu. Mambo mawili tu.

"Nakukumbusha" kwa mkubwa inasomeka kama unamkaripia kwamba amesahau. Neno "Rejea" limeshamkumbusha bila kumsuta, basi liache lifanye kazi yake.

"Watoto wengi wanateseka" haina cha kushika. Yeye anatakiwa aipeleke kwa mhandisi na Afisa Elimu, na wao watauliza wangapi, madarasa mangapi, mnaomba nini hasa. Usipoandika, inarudi kwako au inalala. Watoto ni wangapi, na kamati yenu ina nini mkononi?

MwanaMikindani:
Ni 94, wa darasa la 3 na la 4. Kamati imeokota mabati 50 yanayofaa, na mafundi 2 wa kijijini wamejitolea. Tunachotaka ni mhandisi aje akague kuta, kwa sababu moja ina ufa na mafundi wanaogopa kuupandisha mzigo wa paa bila mtu wa halmashauri kusema neno.

Masijala_Mstaafu:
Hayo ndiyo ulitakiwa kuyaandika tangu jana! Umeona? Ombi lenu ni dogo, ni mtu mmoja kuja siku moja. Kwenye "fanya mpango" alisoma kwamba mnataka ajenge madarasa 2.

Boda_Nachingwea:
Samahani, mimi nataka kujua barua ya kuomba kazi ya udereva nayo inaanza na Ndugu? Nimeshaandika mbili hazijajibiwa.

Chikongola_Kwetu:
Hiyo fungulia mada yake kaka.

Lulindi_Mmoja:
Nimekumbuka langu, nalisema ili wengine wasiangukie. Nilimwandikia Mkuu wa Wilaya kuhusu mgogoro wa shamba la mikorosho. Nilitaka kufupisha Mheshimiwa, nikaandika kwa herufi ndogo: "mh, mkuu wa wilaya, nimekusubiri ofisini tangu saa 2 asubuhi." Isomeni kwa sauti. Hiyo "mh" na mkato wake ni mguno. Ni kama nimebetua mdomo. Katibu wake alinipigia akaniuliza kwa upole, "Mzee, umekasirika?" Tangu siku hiyo naandika neno zima, Mheshimiwa, herufi zote. Kama nafasi ni finyu basi Mhe. yenye nukta.

Mwalimu_Newala:
Hili sijawahi kuliwaza kabisa. Na wanafunzi nawafundisha Mh.

Binti_Kilwa:
Mmenitonesha kidonda. Yangu ni ya miaka 4 iliyopita na bado nikiona jina la yule baba moyo unanidunda.

Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha akina mama wa mwani. Tuliomba mkopo wa asilimia 10 ya halmashauri, afisa mmoja akawa anatuita kila wiki, tukifika tunaambiwa kesho. Siku hiyo nilikuwa naandika sehemu mbili kwa wakati mmoja, kundi letu la Watsapu na kwake yeye. Kwenye kundi nilitaka kuandika: "Jamani huyu mzee anatuzungusha, anataka chochote, kesho tukamwamshie pale pale ofisini." Nikabonyeza. Nikaangalia juu. Ni kwake.

Mikono ilitetemeka. Nikafuta kwa wote. Lakini pale panabaki maandishi kwamba ujumbe umefutwa, na mimi nilishaona tiki zimegeuka bluu kabla sijafuta. Nikakaa kwenye mchanga na mwani wangu begani, nalia.

Mama mmoja wa kikundi, mtu mzima, akaniambia usikimbie, mwandikie sasa hivi. Nikaandika: "Ndugu Afisa, shikamoo. Ujumbe niliotuma saa 8:10 haukuwa sahihi na haukupaswa kuandikwa. Naomba radhi kwako na kwa ofisi yako. Kosa ni langu binafsi, wanakikundi wenzangu hawahusiki. Ombi letu la mkopo linabaki kama lilivyo kwenye barua yetu." Sikuandika "nilikuwa natania" wala "sio wewe niliyemsema". Alijibu neno moja: "Nimekusoma."

Chikongola_Kwetu:
Mungu wangu. Mkopo je?

Korosho_Tandahimba:
Na kweli alikuwa anataka chochote?

Binti_Kilwa:
Mkopo ulitoka baada ya miezi 3. Mengine sina ushahidi nayo, siwezi kumsemea mtu. Ila mpaka leo sijui ile "Nimekusoma" alisoma ujumbe upi.

Mzee_wa_Liwale:
Binti ulifanya la kiungwana, hasa hapo ulipowatoa wenzako. Lakini mimi ningekwenda kwa miguu. Radhi haiombwi kwa simu.

Korosho_Tandahimba:
Mimi bado nasema Mheshimiwa ni salama zaidi. Nimewaita wote hivyo na wote wameniitikia.

Masijala_Mstaafu:
Korosho mwanangu, kuitikia wataitikia. Tuache hilo.

MwanaMikindani, jambo la mwisho, na hili ndilo linalowaponza wengi. Meseji kwenye simu yake haiingii kwenye faili. Wakurugenzi wanahamishwa, na akihamishwa simu inaondoka naye. Barua mliyopeleka Machi, nakala yenu ina mhuri wa kupokelewa? Na ilipita kwa Mwalimu Mkuu na Mtendaji wa Kata? Kama juu hakuna K.K. na saini zao, inawezekana imerudishwa kata na hamjaambiwa. Nimeona barua zikikaa hivyo mwaka mzima, kila upande unadhani mwingine anayo.

MwanaMikindani:
Mama, nimekwenda kuangalia. Mwalimu Mkuu alisaini. Mtendaji hakusaini, siku ile alikuwa safarini na sisi tukaipeleka moja kwa moja. Mhuri upo, wa tarehe 18.

Nimetuma hii saa 4 asubuhi:

"Ndugu Mkurugenzi, habari za kazi. Mimi ni katibu wa kamati ya shule ya msingi … kata ya … Naomba radhi kwa ujumbe wangu wa jana usiku, haukuandikwa kwa namna inayostahili. Rejea barua yetu iliyopokelewa ofisini kwako tarehe 18 Machi, kuhusu madarasa 2 yaliyoezuliwa na upepo. Wanafunzi 94 wa darasa la 3 na la 4 wanasomea nje. Kamati ina mabati 50 na mafundi 2 wa kujitolea. Tunaomba ofisi yako itume mhandisi akague ukuta wenye ufa kabla ya mvua za Desemba. Naomba kuwasilisha."

Masijala_Mstaafu:
Hiyo hata mimi ningeigongea mhuri.

Boda_Nachingwea:
Na ya kazi jamani?

MwanaMikindani:
Amejibu saa 7: "Imepokelewa. Barua ipitishwe kwa Mtendaji wa Kata, nakala iletwe kwa Afisa Elimu Msingi." Mtendaji yupo leo mpaka saa 9, niko njiani kwa pikipiki.