Nyumba ya Kyaliwajjala: nitume advansi au niache?

Nesi_wa_Arua: Wakubwa, shikamoni. Nimepata kazi Kireka na nahamia Kampala mwisho wa mwezi. Nimeona tangazo la nyumba ya vyumba viwili Kyaliwajjala, 350,000 kwa mwezi, lina picha sita safi sana. Nyingine nilizoziona maeneo hayo zinaanzia 600,000. Mwenye nyumba ni mama, anasema yuko Dubai. Nikituma advansi ya miezi miwili, yaani 700,000, leo kabla ya saa kumi na mbili jioni, mpwa wake ataniletea funguo. Ili nimwamini amenitumia picha ya kitambulisho chake cha taifa. Skrinishoti zote nimeziweka hapa. Kwenye kitambulisho nimefunika karibu kila kitu. Niko Arua, leo siwezi kufika. Naombeni macho yenu.

Mzee_Busia: Marahaba binti. 350 si mbaya, lakini mwambie apunguze ifike 300. Wenye nyumba siku hizi wanakubali.

Kijana_wa_Ntinda: Mzee, hajauliza bei, anauliza kama ni matapeli. Dada, fungua maelezo ya picha kwenye simu yako, utaona ilipigwa lini na wapi.

Fundi_Kibuli: Hiyo ya maelezo inafaa ukipata faili lenyewe, ndugu. Picha ikipita WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo hufutwa, na skrinishoti inabeba tarehe ya skrinishoti tu. Kutoyakuta hakumaanishi kitu, kwa hiyo tuangalie kilichomo ndani ya picha.

Dada, kuza picha ya nne, ile ya jikoni, juu ya meza ya mawe. Soketi ile ina matundu mawili membamba yaliyosimama na kitundu cha mviringo chini yake. Nafunga umeme miaka mingi, na nyumba za hapa tunazifunga soketi za matundu matatu ya mstatili, nyingi zina swichi pembeni. Hiyo ni ya Marekani. Sasa rudi picha ya pili, sebuleni, uitazame saa ya ukutani: namba 3 iko kushoto na 9 iko kulia. Picha imegeuzwa kama kwenye kioo. Matapeli hugeuza hivyo ili mtu akiitafuta mtandaoni asiipate ya asili. Igeuze irudi ilivyokuwa, kata ukingo ulioandikwa namba ya simu, kisha itafute kwa Google Lens.

MamaZawadi: Mimi nilipanga Bweyogerere kwa picha za uongo na nyumba ilikuwepo kweli! Dalali alikuwa mvivu, akachukua picha za nyumba nyingine. Msimhukumu huyo mama kwa soketi.

Fundi_Kibuli: Ni kweli mama, madalali wa hivyo wapo. Soketi inasema picha si za nyumba hiyo, haisemi kama nyumba ipo. Ila wewe uliingia ndani kabla ya kulipa, na huyu anatakiwa alipe kabla ya kuona.

Afisa_mstaafu: Mimi nimeangalia kitambulisho. Dada ameacha herufi nne za mwanzo za namba, mwaka wa kuzaliwa na jinsia. Namba zetu za raia huanza na C, kisha M kwa mwanamume au F kwa mwanamke, halafu tarakimu mbili za mwisho za mwaka wa kuzaliwa. Huyu ni mwanamke wa 1969, ilitakiwa isomeke CF69. Hapo pameandikwa CM88. Mtu amebandika picha na jina juu ya kitambulisho cha kijana. Lakini binti yangu, hata ingelingana nisingetulia, kwa sababu vitambulisho halisi vilivyoibwa vinazunguka sana.

Neema_Nakivale: Mimi niliagiza vifaranga 100 kwa tangazo, nikatuma nusu ya pesa, mpaka leo sijaona hata unyoya. Jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri halikuwa la muuzaji, nikalipuuza. Aliniambia ni laini ya mkewe.

Nesi_wa_Arua: Nimerudi. Nimegeuza ile picha ya sebule nikaitafuta. Imetokea kwenye tangazo la nyumba inayouzwa Marekani, kiti kilekile, pazia lilelile, bei kwa dola. Pia nilianza kutuma 1,000 ili nione jina tu, likatokea la mwanamume, nikakatiza. Nimemwomba binamu yangu wa Kireka aende akaione nyumba kwa nje. Mama kajibu, “mpwa wangu amesafiri, tuma kwanza, kuna wateja watatu wanasubiri.”

MamaZawadi: Mwanangu, usitume. Lakini binamu aende tu, pengine nyumba ipo na mwenyewe halisi yuko hapohapo.

Nesi_wa_Arua: Ameshafika, mama. Mahali alipoelekezwa ni uwanja wa magari. Sasa nafuta namba au niende nayo polisi? 700,000 bado ninayo, sijui kama watanisikiliza.