Tajiri wa chombo alipe kodi ya samaki wote, au ya fungu lake tu?

Tajiri wa Vanga: Nina mashua ya ringineti, watu 13 pamoja na nahodha. Mwezi uliopita tuliuza samaki wa 600,000. Tukatoa mafuta, barafu na chakula 180,000, tukagawa 420,000 nusu kwa nusu: nusu ya chombo, nyavu na mashine, nusu ya watu. KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanataka TOT, yaani kodi ya mauzo, asilimia 3 ya 600,000. Mimi nimepata 210,000 tu. Haki hiyo?

Bin Kombo: Lipia fungu lako. La mabaharia ni lao, si pato lako hata kidogo.

Mama Hesabu: Bin Kombo, ni sawa tu ikiwa kila mtu anauza samaki wake. Dalali akimtumia tajiri pesa yote kwenye simu yake, hayo ni mauzo ya tajiri, na TOT haitoi gharama yoyote. Lakini usilaani kabla ya kupiga hesabu. Chukua miezi minane kama huo: mauzo 4,800,000, TOT 144,000. Ukijitoa TOT kwa barua, unatozwa faida. Fungu lako 1,680,000, toa nyavu na mashine tuseme 600,000, inabaki 1,080,000. Kwa viwango vya kawaida, baada ya nafuu ya kodi anayopewa kila mtu, utalipa 232,600.

Tajiri wa Vanga: Kumbe! Na mwaka mbaya?

Mama Hesabu: Hapo ndipo TOT inauma. Uuze 3,000,000 ubaki na faida 400,000: TOT 90,000, kodi ya faida 28,600. Ila ya faida inataka karatasi: risiti za mafuta, na daftari la mgao lenye sahihi za mabaharia. Usipokuwa nazo, gharama haikubaliwi.

Mvuvi wa Gazi: Sisi tunailipa BMU, kikundi cha kusimamia ufuo wa wavuvi, ada kila tunapopima samaki, na leseni ya chombo juu. Kodi gani tena?

Mama Hesabu: Ada ya BMU haikuondolei ya KRA, kaka. Na ngoja: ukidai fungu la watu ni gharama, utaulizwa, hawa ni waajiriwa wako? Fungu la kila mtu lilikuwa 15,000, nahodha mafungu mawili 30,000. PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, inamgusa nahodha peke yake, kidogo, lakini NSSF ya uzeeni, SHIF ya matibabu na kodi ya nyumba ni za wote, na wewe unachangia NSSF na ya nyumba.

Baharia Mtupu: Waajiriwa wa wapi? Kusi ikivuma tunarudi na kapu tupu, hatupati senti, na deni la mafuta linakatwa kwenye mgao wa safari ijayo. Mwajiriwa hubeba hasara ya tajiri?

Bin Kombo: Basi ni washirika! Tajiri alipe lake, nanyi yenu.

Mama Hesabu: Hoja ya deni ina uzito. Lakini mashua ni ya mmoja, anayewaita safarini na kuwaacha nchi kavu ni huyo huyo, na hakuna mkataba. Afisa mmoja atasema washirika, mwingine waajiriwa.

Baharia Mtupu: Tukiwa washirika, tajiri akiuza mashua tunapata nini?

Tajiri wa Vanga: Hilo tusianze.