Zege la alama za mbao, la kung'arishwa au la kokoto wazi: niandikeje lionekane limejengwa kweli?

Mchoraji_Gangilonga
Wakuu, natengeneza picha za kompyuta za nyumba ya hapa Iringa mjini, pamoja na maelezo ya kumpa fundi. Ukuta wa barazani ni mita 6 kwa 3 na hautapigwa plasta. Nikiandika "zege wazi" unatoka kama karatasi ya kijivu. Kati ya haya matatu nichukue lipi, na niandike nini?

Mkadiriaji_Mafinga
Ukuta mpe alama za mbao. Zege linabeba sura ya boksi la mbao linalomwagiwa, kwa hiyo eleza boksi: paini ya inchi 1 kwa 6, imelazwa, upande wa zege umesuguliwa kwa brashi ya waya ili nyuzi zisimame.

Ila angalia vipimo. Ubao wa inchi 6 ukishapita randa unabaki kama milimita 140, hivyo safu 20 hazifiki mita 3. Weka safu 21, ukuta uwe mita 2.94, usije ukaishia na kipande chembamba juu. Ubao wa futi 12 unatoa mita 3 safi: safu moja mbao mbili, inayofuata ianze na nusu ubao, viungo vipishane.

Zege likimwagwa kwa awamu mbili, mstari wa awamu uangukie juu ya safu ya 10, mita 1.4. Awamu ya juu ipishane kidogo rangi na ya chini. Matundu ya bolti za kushikia boksi yakae katikati ya ubao, safu ya 3, 7, 11, 15 na 19, kila sentimita 60, la kwanza sentimita 30 kutoka pembeni. Jumla 50. Bolti za safu ya 11 ndizo zinazobana boksi la awamu ya pili lisivujishe uji juu ya zege la chini. Wachoraji wengi huyamwaga tu kama vitufe.

Fundi_Mwanjelwa
Usihangaike sana kaka. Nunua mbao mpya, zimwagie maji zivimbe zifunge nyufa, paka oili chafu ya gari, mwaga. Rangi inatoka moja ukuta mzima.

Mkadiriaji_Mafinga
Maji sawa, fundi. Oili chafu inaacha madoa. Na ubao mpya una sukari inayochelewesha saruji kukaza. Ukifungua boksi, uso unatoka unga kwenye kidole. Upake kwanza uji wa saruji, ukauke, usugue utoke, ndipo upake oili safi ya boksi, nyembamba.

Rangi moja nayo haipatikani. Ubao unaofyonza sana unaacha zege jeusi zaidi, jicho la mbao linaacha doa jepesi. Mchoraji, ukinakili ubao mmoja mara 21, jicho lilelile litarudi kila safu na mtu atashtuka. Tengeneza angalau mbao 8 tofauti. Kwenye viungo weka kiukingo chembamba cha uji uliopenya, milimita 1 au 2, kisiwe kila mahali.

Mama_Uyole
Samahani jamani, sakafu ya duka langu inatoa vumbi. Nikipaka vanishi si ndiyo hiyo ya kung'arishwa?

Tukuyu_Sakafu
Hapana mama, vanishi itabanduka penye kupitwa sana. Kung'arisha ni kusaga kwa mashine ya almasi, kuanzia namba 30 au 40, kunywesha dawa ya kukaza uso, kisha kupanda hadi 400 kwa mng'ao hafifu au 800 kwa mng'ao wazi. Kama zege lako ni dhaifu, almasi italichimba tu. Jaribu kona moja kwanza.

Kwa mchoraji: sema umesaga kina gani. Milimita 1 na nusu hivi inaonyesha chembe za mchanga, 3 na zaidi inaonyesha kokoto, tena si sawasawa chumba kizima. Sakafu ya sentimita 10 iwe na mikato kila mita 3, kina sentimita 2.5. Dirisha lionekane ndani yake kwa ukungu, lisiwe kioo.

Mchoraji_Gangilonga
Asanteni. Na ngazi ya nje, kokoto wazi?

Fundi_Mwanjelwa
Hapo nakubali, haitelezi. Tunamwaga, tunapulizia dawa ya kuchelewesha uso, kesho yake tunaosha kwa brashi na maji.

Tukuyu_Sakafu
Baridi ya Juni na Julai huku inachelewesha zege lote. Jaribu kwa brashi pembeni: kokoto ikichomoka, subiri. Theluthi mbili ya kila kokoto ibaki imezama, na kwenye picha vilevile; ikichomoza zaidi inaonekana imemwagwa juu.

Mchoraji_Gangilonga
Yale matundu 50 tuyazibe?

Mkadiriaji_Mafinga
Ziba kwa mchanganyiko wa mchanga na saruji, uuzamishe milimita 5, kivuli kibaki.

Fundi_Mwanjelwa
Mimi ningeziba usawa wa ukuta. Mvua ya Mbeya inakaa humo, ukuta unaota kijani.