Tupeane uzoefu: kuuza saluni yenye wateja wake, bei mliifikiaje?

Mama Kitana (mwanzisha mada)
Wadau, habari zenu. Nina saluni ya wanawake ya viti vinne. Kuna wasusi watatu, mimi ni wa nne. Nataka kuiuza ikiwa inatembea, si kufunga mlango na kuuza draya moja moja. Mnunuzi ninaye, ni msusi mzoefu, mtu mwelewa. Tumekwama kwenye bei.

Hesabu nawawekea hivi ili kila mtu aelewe. Kila 100 inayoingia kwa mwezi, 40 inatoka kwenye kiti changu na 60 kwa wale watatu. Wao nawalipa asilimia 40 ya wanachoingiza, yaani 24. Kodi ya pango 13, umeme na maji 6, dawa na bidhaa nyingine 10, dada wa mapokezi na usafi 8, vidogovidogo 4. Nabaki na 35. Kwa mwaka ni 420. Nimezidisha mara mbili nikapata 840, kisha nikaongeza thamani ya vifaa. Mnunuzi anasema naye hana ubaya, lakini anachokiona ni mikono yangu, na mikono siiuzi.

Mliowahi kuuza au kununua, mlimalizaje hapa?

Draya Mpya
Dada, hizo draya za kusimama ni ngapi na zina muda gani? Nami natafuta sinki la kuoshea nywele lenye kiti chake. Nitumie picha.

Mama Kitana
Ndugu yangu, siuzi kimoja kimoja. Nauza saluni nzima.

Mhasibu wa Jioni
Nimeshakaa mezani na wauzaji na wanunuzi wa saluni, upande huu na ule. Mama Kitana, hesabu zako ni safi kuliko nyingi nilizoona, lakini mnunuzi wako ana hoja.

Ile 35 ni vitu viwili vilivyokaa mfuko mmoja. Kuna ujira wako wa kusuka na kuna faida ya kumiliki saluni. Mnunuzi akimweka msusi kwenye kiti chako atamlipa kama unavyowalipa wengine, asilimia 40 ya 40, yaani 16. Inabaki 19. Hiyo 19 ndiyo saluni inayozalisha bila kujali nani anashika kitana. Akikaa mwenyewe kwenye kiti hicho, ile 16 ni mshahara wake na anaitolea jasho. Hawezi kukulipa wewe kwa jasho atakalotoa yeye.

Sasa shusha ngazi moja zaidi. Tuseme nusu ya wateja wa kiti chako wanakufuata au wanapotea. Mapato yanapungua 20. Kamisheni inapungua 8 na dawa kama 2, kwa hiyo faida inapungua 10. Kodi na umeme havijali kwamba wateja wameondoka. Inabaki 9.

Kwa hiyo mna namba tatu mezani: 35, 19 na 9. Wewe unauza 35, yeye anaogopa 9. Mazungumzo yenu halisi yako kati ya 19 na 9, na kinachoamua ni makabidhiano.

La pili ni hilo la kuongeza vifaa juu. Draya, sinki, viti na vioo ndivyo vinavyoleta hiyo faida. Ukiizidisha faida, vifaa vimo tayari. Kuviongeza tena ni kumtoza mara mbili. Kinachoongezwa pembeni ni dawa na bidhaa ambazo hazijafunguliwa, kwa bei uliyonunulia, siku ya makabidhiano, mkihesabu wote wawili.

Mama Kitana
Asante sana kaka. Kwa hiyo vifaa nisivitaje kabisa?

Mhasibu wa Jioni
Vitaje. Vifaa ni bei ya chini, pale ambapo huwezi kushuka. Kama saluni isingekuwa na faida, ungeuza vifaa tu. Ila uvipige kwa bei ambayo mtu angevinunua leo vikiwa vimetumika, si ya risiti. Na uangalie kilichogandishwa ukutani: mabomba, vigae, dari. Mara nyingi hivyo ni vya mwenye jengo hata kama pesa ilikuwa yako. Soma mkataba wa pango kabla hujaviandika kwenye orodha.

Mjasiri wa Viti
Mimi naona mnamuonea mama. Wateja ndio mali. Mimi nilinunua saluni yenye namba za simu zaidi ya 2,000 kwenye daftari na simu ya ofisi. Hilo daftari peke yake lina thamani kuliko draya zote. Mama, hesabu namba zako na kila namba uipe bei yake.

Kinyozi wa Kona
Mkuu, hizo 2,000 zilikuja ngapi baada ya wewe kununua?

Mjasiri wa Viti
Sikuwahi kuhesabu hivyo. Wengi walikuwa wa zamani, wengine namba hazipatikani. Lakini wapo waliokuja.

Mhasibu wa Jioni
Ndugu, nusu ya maneno yako nayakubali. Orodha ina thamani, ila si kwa urefu wake. Mimi huomba daftari la miadi, natafuta waliokuja angalau mara mbili ndani ya miezi sita, na kwa kila mmoja nataka kujua alikaa kiti cha nani. Hapo 2,000 inaweza kushuka ikawa 150. Hao 150 ndio wanaonunuliwa.

Halafu kuna jambo la sheria. Nchi nyingi sasa zina sheria ya taarifa binafsi. Mteja alikupa namba yake umkumbushe miadi, hakukupa uiuze kama bidhaa. Njia salama ni wewe mwenyewe kuwaandikia kabla ya makabidhiano kwamba saluni inapata mmiliki mpya na kumbukumbu zao zitabaki hapo, na asiyetaka aseme afutwe. Mkiuza biashara nzima inayoendelea ni rahisi zaidi kuliko kuuza daftari peke yake, lakini muulizeni mwanasheria wa mahali mlipo.

Kinyozi wa Kona
Niseme langu, ni la kinyozi lakini linafanana. Nilinunua duka la kunyoa lenye vinyozi wanne. Mwenye duka aliahidi hatafungua jingine karibu, na ahadi aliitimiza. Ila haikuandikwa lolote kuhusu vinyozi. Mmoja wao, yule mwenye foleni ndefu, aliondoka mwezi uleule na kufungua mtaa wa pili. Wateja wake walimfuata, nami siwalaumu, kichwa cha mtu hakihamishwi kwa mkataba.

Kwa hiyo Mama Kitana, mnunuzi wako anakutazama wewe tu, lakini ile 60 ya wasusi watatu ina hatari yake pia. Muulize kama ameongea nao.

Binti Sega
Mimi ni msusi, niliyekuwa ndani saluni ilipouzwa. Naomba niwasemee wasusi. Tulisikia kutoka kwa mteja. Mteja! Alikaa kwenye kiti changu akaniuliza, "Kwani mnahama lini?" Kuanzia siku ile kila mtu alianza kuandika namba za wateja kwenye simu yake. Si kwa ubaya, tuliogopa. Mmiliki mpya alipofika alikuta tayari kila msusi ana saluni yake mfukoni. Kama tungeambiwa mapema, na tukahakikishiwa kamisheni haishuki, mimi ningebaki.

Mama Kitana
Mwanangu, hilo limenigusa. Nilipanga kuwaambia siku ya kusaini.

Mjasiri wa Viti
Na mimi ningeshauri hivyohivyo, siku ya kusaini. Ukiwaambia mapema na mnunuzi akajitoa, umebaki na saluni yenye wasusi wanaotafuta pa kwenda.

Binti Sega
Na ukiwaambia siku hiyo, wanajiona kama viti vilivyouzwa na vitu vingine.

Mhasibu wa Jioni
Hapo wote mna sababu. Nimeona njia zote mbili zikifaulu na zote zikishindwa. Ninachoona kinasaidia ni mnunuzi kuweka malipo ya awali kwanza, kisha wasusi waambiwe na wote wawili kwa pamoja kabla ya kumalizia. Sisemi ni dawa ya kila mahali.

Mama Rasta
Nimesoma kimya, sasa nami nichangie. Niliuza saluni yangu, na kilichotuokoa mimi na mnunuzi ni jinsi tulivyogawa malipo. Alilipa asilimia 60 siku ya makabidhiano. Arobaini iliyobaki tuliifunga kwa wateja wa kiti changu. Kabla ya kusaini tuliandika majina yao, wale wa kila mara tu, tukasaini karatasi hiyo wote. Baada ya miezi sita tulirudi kwenye daftari la miadi tukahesabu waliorudi angalau mara mbili. Robo tatu wakirudi, napata yote. Chini ya hapo, inapungua kwa kadiri. Tukaandika pia kwamba akihama mahali, akipandisha bei sana au akimfukuza msusi, hasara hiyo si yangu.

Muda wa kukaa naye pia muufikirie vizuri. Mnunuzi alitaka nikae wiki mbili. Nilimwambia mteja wa dawa ya nywele anarudi baada ya wiki sita hadi nane. Kwa wiki mbili ungekutana na robo yao tu. Nilibaki mizunguko miwili, wiki za mwanzo kila siku, baadaye siku zenye miadi ya wateja wangu tu. Mteja akija, mimi namwosha, yeye anaseti. Safari inayofuata yeye anaweka dawa, mimi nimesimama pembeni tunaongea. Safari ya tatu sipo.

Na kadi zako za wateja zipeleke kwa mkono, mkisoma pamoja. Yangu moja ilikuwa imeandikwa: "rangi namba 5 na 6 sawa kwa sawa, kichocheo asilimia 6, dakika 35, nyuma ya sikio la kulia kunawasha, paka mafuta kwanza." Mteja yule alivyoona mgeni anaanza kwa kupaka mafuta nyuma ya sikio, alitulia kabisa.

Kinyozi wa Kona
Hilo la kugawa malipo nalipenda. Ila Mama Kitana, usisahau waliolipia mbele. Vocha za zawadi, wanaolipia mara tano wapate ya sita. Ukishachukua pesa hizo na kuondoka, mnunuzi ndiye atakayesuka bure. Ziorodheshe, zitolewe kwenye bei.

Mama Kitana
Zipo, na si chache. Nitaziandika.

Nimekaa na mnunuzi jioni hii nikamwonyesha hizo namba tatu. Alifurahi kuona 19. Tumeondoka kwenye 840. Ile 19 kwa mwaka ni 228, na mara mbili yake ni 456, ndipo tulipo sasa, bila vifaa kuongezwa juu, ila bidhaa zitahesabiwa kando. Sehemu ya bei inayotokana na kiti changu ndiyo atakayoilipa kutegemea wateja watakaorudi. Kilichobaki ni mwenye jengo. Mkataba wa pango unaisha baada ya miezi minne, na bado hajasema kama atampa mnunuzi mkataba mpya kwa kodi ileile. Kuna aliyepitia hilo? Mwenye jengo mlimfuata kabla au baada ya kukubaliana bei?

Mama Rasta
Kabla, dada yangu. Kodi ikipanda kutoka 13 hadi 18, ile 19 yako inakuwa 14, na mtaanza upya. Mfuate kesho, nenda na mnunuzi, na mkubaliane kwa maandishi kabla hajakupa hata senti ya awali.